Barua Haikuchomwa: Jinsi Maelezo ya Sauti Yanavyoingizwa Kwenye Skripti Iliyokwisha Kuandikwa

Mtu anafungua filamu kwenye simu, anagusa sehemu ya kuchagua lugha ya sauti, na bila kukusudia anagusa mstari ulioandikwa "Audio Description". Filamu inaanza. Wahusika wanaponyamaza, sauti asiyoitarajia inasema: "Mwanamke anashuka ngazi. Kijana anageuka." Wengi hudhani filamu ina hitilafu. Wakielezwa kuwa sauti ile imewekwa kwa ajili ya watazamaji wasioona na wenye uoni hafifu, baadhi yao huamua haraka kwamba kazi yenyewe ni nyepesi, yaani kuna mtu kachukua skripti akasoma yale maelekezo yaliyomo kati ya mazungumzo.

Uamuzi huo nimeusikia hata kwa watu wanaotengeneza filamu. Skripti wanayo, filamu imeshahaririwa, na wanaamini maneno yako tayari, kilichobaki ni kumpata mwenye sauti nzuri. Ukweli ni kwamba karibu hakuna mstari mmoja wa maelekezo unaoweza kusomwa kama ulivyo. Sababu zake zinaonekana vizuri zaidi tukichukua onyesho moja fupi na kulifanyia kazi hadi mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Maelezo ya sauti ni sentensi fupi zinazosomwa kati ya mazungumzo ya filamu, tamthilia au video, kumwambia asiyeona mambo muhimu yanayotokea kwa macho tu: nani kaingia, nani kashika nini, kuna maandishi gani kwenye skrini. Si yale maandishi yanayopita chini ya skrini. Hayo humsaidia zaidi asiyesikia, kwa sababu hugeuza sauti kuwa maandishi. Maelezo ya sauti hugeuza picha kuwa maneno ya kusikilizwa. Skripti nayo ina vitu viwili ndani yake: mazungumzo, yaani yale wanayoyatamka wahusika, na maelekezo, yaani yale aliyoandika mtunzi ili mwongozaji, waigizaji na wapiga picha wajue la kufanya.

Tofauti inaanzia hapo. Maelekezo huandikwa kwa ajili ya watu watakaotengeneza picha, wakati picha bado haipo. Maelezo ya sauti huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye picha haitamfikia, wakati picha imeshakamilika na sauti yake imeshafungwa. Mtunzi wa skripti anaweza kutumia mistari 10 kueleza tukio la sekunde tatu na hakuna atakayelalamika. Mwandishi wa maelezo ya sauti ana sekunde tatu zile zile, basi.

Watu hupenda kumfananisha na mtangazaji wa mpira redioni. Kuna ukweli kidogo, lakini mtangazaji wa mpira anamiliki sauti yote, anaweza kusema mfululizo dakika 90. Mwandishi wa maelezo anafanana zaidi na mtu aliyeketi pembeni ya mwenzake katikati ya kikao cha watu wengine, akimnong'oneza pale tu wazungumzaji wanapovuta pumzi. Akinong'ona wakati mwingine anasema, mwenzake anapoteza maneno ya kikao. Akikaa kimya muda wote, mwenzake hajui kwa nini ukumbi umeshtuka. Na kwa kweli ndivyo kazi hii ilivyoanza kupata sura yake ya sasa. Mwaka 1981, katika ukumbi wa maigizo wa Arena Stage mjini Washington, Margaret na Cody Pfanstiehl waliandaa utaratibu wa kumsomea asiyeona maelezo kupitia kifaa cha sikioni huku igizo likiendelea jukwaani. Waigizaji hawakusimama kumsubiri msomaji, ilibidi yeye ajipenyeze. Filamu iliyokwisha kuhaririwa iko vivyo hivyo: haimsubiri mtu.

Onyesho lenyewe

Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya makala haya. Rehema na Musa ni ndugu, na hadi hapa mtazamaji ameshazijua sauti zao. Skripti inasema hivi:

NDANI. SEBULENI. USIKU.
Mlango unafunguliwa. Rehema anaingia akiwa amechoka baada ya siku ndefu. Anamkuta Musa ambaye amemsubiri kwa saa nyingi. Mezani ipo bahasha kuukuu.
REHEMA: Mbona umekaa gizani?
Musa hajibu. Anaisogeza bahasha. Rehema anatambua mwandiko wa marehemu baba yao na moyo unamlipuka.
REHEMA: Hii imetoka wapi?
MUSA: Chini ya godoro la baba. Sijaisoma.
REHEMA: Wala mimi sitaisoma. Ichome.
MUSA: Ngoja nilete kibiriti.
Musa anakwenda jikoni. Kwa haraka Rehema anachomoa barua, anaikunja na kuificha mkobani. Anatoa risiti ya zamani, anaitia ndani ya bahasha na kuirudisha mezani kana kwamba hakuna kilichotokea. Musa anarudi.
MUSA: Una hakika?
Rehema anaitikia kwa kichwa. Musa anawasha kibiriti na kuichoma bahasha. Rehema anautazama mkoba wake kwa hofu.

Sasa zima skrini, usikilize tu. Hii ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo ambayo watu huiruka kwa sababu wameshaijua hadithi. Isikilize bila picha na uandike kile ambacho sikio limekipata. Utasikia ufunguo na mlango. Utasikia Rehema akiuliza kuhusu giza. Kitu fulani kinaburuzwa mezani. Mazungumzo kuhusu godoro la baba. Nyayo zinazokwenda mbali, droo ikifunguliwa huko jikoni, karatasi ikichakacha karibu, zipu, nyayo zikirudi. "Una hakika?" Njiti ya kibiriti. Moto.

Msikilizaji huyo anaondoka akiamini barua imeteketea. Hakuna neno hata moja katika mazungumzo linalomwambia vinginevyo, na mchakacho wa karatasi pamoja na ile zipu hauna maana kwake. Nusu saa baadaye Rehema atakapoisoma barua, asiyeona ataona kama filamu imemdanganya, ilhali wenzake waliiona hila ile kwa macho na wameibeba siri hiyo muda wote. Kwa hiyo onyesho hili lina kazi moja kubwa kuliko zote: kumwambia kwamba barua imebaki, na kilichochomwa ni risiti. Mengine yote yatapimwa kwa kulinganishwa na hilo. Pakikosekana nafasi, hayo mengine ndiyo yataondoka.

Kupima kwa silabi, si kwa maneno

Hatua ya pili ni kupima mapengo, yaani vipande vya muda ambavyo hakuna anayezungumza. Katika onyesho letu, baada ya filamu kuhaririwa, yako manne ya kutumainiwa: sekunde 5 kabla ya Rehema kusema neno la kwanza, sekunde 4 kabla ya "Hii imetoka wapi?", sekunde 11 Musa akiwa jikoni, na sekunde 7 moto unapowaka. Kuna pengo jingine dogo la sekunde 2 baada ya "Una hakika?"

Miongozo ya Kiingereza hutaja kasi ya takriban maneno 160 kwa dakika. Ukiichukua hesabu hiyo ukaileta kwenye Kiswahili utaumia, na nimeona watu wakiumia. Kwa kasi hiyo pengo la sekunde 5 lingebeba maneno 13. Lakini neno letu moja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo: "anaisogeza" ni neno moja lenye silabi sita. Maneno 13 ya Kiswahili yanaweza kufika silabi 39 au 40, na msomaji atahitaji kama sekunde 8 kuyasoma kwa utulivu. Ndiyo maana mimi hupima kwa silabi. Najipa silabi tano kwa sekunde, baada ya kukata nusu sekunde mwanzoni na nusu nyingine mwishoni mwa pengo ili sauti ya msomaji isigusane na ya mhusika. Pengo la sekunde 5 basi linabaki na sekunde 4, yaani silabi 20. La sekunde 4 lina silabi 15. Hii si sheria, ni kipimo cha kuanzia, na hakimu wa mwisho ni kuusoma mstari kwa sauti huku picha inakimbia.

Pengo la kwanza, silabi 20. Skripti inatupa mlango, uchovu, siku ndefu, saa nyingi za kusubiri, na bahasha. Mlango umeshasikika. Rehema atajitambulisha kwa sauti yake mara tu atakapoongea. Giza atalitaja mwenyewe. Siku ndefu na saa nyingi hazionekani kwenye picha kabisa; ni habari alizopewa mwigizaji ili ajue aingie vipi. Kinachobaki ambacho sikio halina ni mambo mawili: Musa yuko pale, na kuna bahasha. "Musa ameketi. Mezani kuna bahasha kuukuu." Silabi 18. Inaingia.

Angalia neno "ameketi". Miongozo ya lugha nyingine husema maelezo yaandikwe katika wakati uliopo, na mwandishi mgeni wa Kiswahili huishia kutia "-na-" kila mahali. "Musa anaketi" ni picha ya mtu anayejishusha kwenye kiti sasa hivi. Musa hafanyi hivyo, kakaa tangu zamani. Kwetu hali iliyopo machoni husemwa kwa "-me-": ameketi, amesimama, amelala, amevaa, ameshika. Kitendo kinachoendelea husemwa kwa "-na-". Ukichanganya, unamwonyesha msikilizaji picha ambayo haipo kwenye skrini: mtu anainuka ambaye hakuinuka, mtu anavaa koti ambalo alikuwa nalo tangu mwanzo. Ni kosa dogo kwenye karatasi, lakini sikioni ni kubwa, kwa kuwa msikilizaji hana njia ya kulisahihisha.

Pengo la pili, silabi 15. Skripti inasisitiza mwandiko wa marehemu baba. Je, tuuseme? Sekunde chache baadaye Musa atasema "chini ya godoro la baba", kwa hiyo habari ya baba inakuja yenyewe, tena kwa kinywa cha mhusika, ambako ina uzito zaidi. Tukiitanguliza tunamnyang'anya Musa mstari wake. Lakini picha ina jambo moja ambalo skripti haikulitaja: kamera inaisogelea bahasha na juu yake pameandikwa jina, Rehema. Maandishi ya kwenye skrini hayana sauti. Kama macho yanatakiwa kuyasoma, msomaji anatakiwa kuyatamka. Mstari wetu: "Musa anaisogeza. Imeandikwa: 'Rehema'." Silabi 16, moja zaidi ya kipimo. Ungeweza kulitoa jina la Musa ubaki na 14, lakini hapo unaingia kwenye mtego ambao Kiswahili kinatutegea.

Nani anamfanya nani nini

Kiingereza hutenganisha mwanamume na mwanamke kwa kiwakilishi. Sisi hatufanyi hivyo. "Anamtazama" inaweza kuwa Rehema kamtazama Musa au Musa kamtazama Rehema. Katika mazungumzo ya kawaida tunaelewana kwa kuonana, na mwenye kuona filamu anaelewa kwa kuiona. Asiyeona anategemea mstari peke yake. Aliyesema mwisho kabla ya pengo la pili ni Rehema, kwa hiyo "Anaisogeza" ikisimama bila jina itaeleweka kuwa Rehema ndiye aliyesogeza. Silabi mbili za "Musa" zina thamani kuliko kutii kipimo. Nikausoma mstari kwa sauti, ukaingia. Basi unabaki ulivyo.

Hasara hiyo lugha inatulipa kwa njia nyingine. Ngeli zetu zinabeba kitu ndani ya kitenzi. Kisu kikishatajwa, "anakiokota, anakificha" inatosha, msikilizaji anajua ni kisu wala si barua, na mwandishi ameokoa silabi za kurudia nomino. Tatizo hutokea vitu vyenye ngeli moja vinapokutana, na hilo ndilo linalotukuta kwenye pengo la tatu, pengo lenye uzito wa filamu nzima.

Sekunde 11, silabi 50. Ukisikia 50 unaona uhuru. Mtu angeandika: "Musa anakwenda jikoni. Rehema anatoa barua ndani ya bahasha, anaificha mkobani. Anachukua risiti, anaitia ndani, anairudisha mezani." Ni silabi 58, nane zaidi ya kipimo, ingawa kila kilichosemwa ni kweli. Lakini hebu uisikilize kama mtu asiye na picha. "Anaificha": nini, barua au bahasha? Zote mbili ni za ngeli moja. Risiti nayo ni ya ngeli hiyo hiyo. "Anaitia ndani" ya nini, ya mkoba au ya bahasha? "Anairudisha": risiti, barua, bahasha? Vitu vitatu vinagombania kale ka "-i-" kamoja, katika tukio ambalo maana yake yote ni kujua kipi kimekwenda wapi. Msikilizaji makini kabisa anaweza kutoka hapo akidhani Rehema kaficha bahasha.

Wazo linalokuja haraka ni kubadilisha neno, barua iitwe waraka ili tupate "anauficha". Silipendi. Waraka una harufu ya ofisi, na filamu nzima ikiwa inasema barua, neno jipya litamfanya msikilizaji adhani kuna karatasi nyingine. Njia bora ni kupanga nomino ili kila "-i-" iwe na mwenyewe mmoja tu karibu yake:

"Rehema anachomoa barua, anaificha mkobani."

Silabi 20. Neno bahasha halimo kabisa, kwa sababu "anachomoa" linatosha kumwambia kuwa barua ilikuwa ndani ya kitu, na bahasha ndiyo waliyokuwa wakiizungumzia. "-i-" haina pa kwenda ila kwa barua. Kisha tunanyamaza, zipu isikike. Sasa ile zipu ina maana. Sekunde chache zilizopita ilikuwa kelele. Baada yake:

"Anatia risiti ndani ya bahasha."

Silabi 13, na hapa hatukutumia "-i-" hata mara moja. Vitu viwili vimetajwa kwa majina yao. Kurudi kwa bahasha mezani hatukusema, kwa kuwa hakuna atakayedhani imepaa. Kwenda kwa Musa jikoni hatukusema, kwani alisema anafuata kibiriti na nyayo zake zimesikika. Tumetumia silabi 33 kati ya 50, na sekunde zilizobaki tumeziacha kwa zipu, droo na nyayo zinazorudi. Hapo ndipo ninapopingana na wanaoamini kila ukimya ni shimo la kuzibwa. Nyayo za Musa zikikaribia huku msikilizaji anajua Rehema anachofanya, ndiyo tukio lenyewe. Ukizungumza juu yake umemchukulia msikilizaji wasiwasi ambao mwenye kuona kaachiwa.

Pengo dogo la sekunde 2: Rehema anaitikia kwa kichwa. Ukikata pembeni inabaki sekunde moja, silabi tano, na "anaitikia" peke yake ina sita. Tuache. Musa ameuliza, njiti ya kibiriti imewashwa, jibu limesikika.

Pale skripti na picha zinapogombana

Pengo la moto lina sekunde 7. Skripti inasema Rehema anautazama mkoba wake kwa hofu. Ukiifungua filamu utakuta mwongozaji alibadilisha siku ya kupiga picha: Rehema hautazami mkoba, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili na anautazama moto. Hili hutokea mara nyingi mno. Skripti iliyoko mkononi inaweza kuwa toleo la kabla ya upigaji picha, na maonyesho hukatwa, huhamishwa, hupewa mwisho mwingine. Maelezo yanafuata picha iliyopo. Skripti inabaki kuwa msaada mzuri wa kupata tahajia za majina, mahali na vitu, si zaidi ya hapo.

Lakini hata kama picha ingekubaliana na skripti, ile "kwa hofu" nisingeiandika. Hofu haionekani, kinachoonekana ni mikono iliyobana mkoba. Mwenye kuona anapewa mikono, anaamua mwenyewe kama ni hofu, hatia au upendo. Asiyeona astahili nafasi hiyo hiyo. Kuna wanaokwenda mbali zaidi wakakataza kila neno la hisia, nami sikubaliani nao. Mtu akitabasamu sema anatabasamu, usiseme pembe za midomo zimepanda. Kipimo changu ni kama watazamaji wawili wanaweza kuutazama uso ule ule wakatofautiana. Wakiweza kutofautiana, ninaeleza mwili na kunyamaza. Mstari wa mwisho ukawa: "Bahasha inawaka. Rehema ameukumbatia mkoba." Silabi 20, sekunde nne. Zilizobaki ni za moto.

Nimeulizwa kuhusu rangi: kwa nini kumwambia asiyeona kuwa gari ni jekundu? Swali hilo huchukulia kuwa kutoona ni giza tupu tangu kuzaliwa. Watu wengi wanaotumia maelezo haya wana uoni hafifu au walipoteza uoni wakiwa wakubwa; wanazijua rangi, na baadhi bado wanaziona kwa mbali. Hata aliyezaliwa haoni anajua kuwa nguo nyeusi hubeba maana ya msiba na nyekundu ya hatari, kwa sababu anaishi katika lugha moja nasi. Rangi inaingia pale inapofanya kazi kwenye hadithi au inapomtofautisha mtu na mwingine. Hapa mkoba wa Rehema una rangi fulani, lakini haibadilishi lolote, kwa hiyo haikutajwa.

Kuna video ambazo hazina mapengo: mhadhara usiokoma huku michoro ikibadilika ubaoni, au mafunzo ambayo mtu anasema "bonyeza hapa, kisha hapa". Hakuna ufundi wa silabi utakaoingiza mstari pasipo na nafasi. WCAG 2.0, yaani miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, iliyotolewa mwaka 2008, inalitambua jambo hilo: inaweka maelezo ya sauti ya kawaida katika ngazi ya AA, na katika ngazi ya juu zaidi, AAA, inataja maelezo marefu ambayo picha husimamishwa kwa muda, msomaji akamaliza, kisha video ikaendelea. Kwa mafunzo, njia hiyo inafaa sana. Kwa filamu ya hadithi inavunja mwendo, na sijawahi kuipendekeza. Kama video bado haijarekodiwa, dawa ya bei nafuu kuliko zote ni mzungumzaji kubadili maneno yake: badala ya "bonyeza hapa" aseme "bonyeza kitufe cha Hifadhi, kulia juu". Hapo kazi ya maelezo imefanyika ndani ya mazungumzo, na hakuna pengo linalotafutwa.

Karatasi inayokwenda studio

Mistari ikishaiva, huingizwa kwenye skripti mahali pake, kila mmoja na muda wa kuanza, maneno ya mwisho yanayosikika kabla yake, na neno la kumwelekeza msomaji pale panapohitajika. Muda peke yake hautoshi, kwa kuwa nakala za filamu hutofautiana mwanzoni kwa sekunde kadhaa, na msomaji akipotea huyakamata maneno ya mhusika kama mtu anavyoshika kitasa gizani. Onyesho letu linasomeka hivi:

12:05, baada ya mlango kufunguka: Musa ameketi. Mezani kuna bahasha kuukuu.
12:11, baada ya "umekaa gizani?": Musa anaisogeza. Imeandikwa: "Rehema". (Bila kuchelewa.)
12:27, baada ya "nilete kibiriti": Rehema anachomoa barua, anaificha mkobani. (Acha zipu isikike.)
12:33, baada ya zipu: Anatia risiti ndani ya bahasha.
12:42, baada ya njiti kuwaka: Bahasha inawaka. Rehema ameukumbatia mkoba. (Polepole.)

Ni mistari mitano, silabi 87 kwa jumla, kwa onyesho la sekunde 44. Msomaji asiigize. Akianza kutetemesha sauti kwenye "anaificha mkobani", msikilizaji atadhani kuna mhusika wa tatu chumbani.

Kabla ya kurekodi, mistari hii isomwe mbele ya mtu asiyeona ambaye hajaiona skripti wala hajasimuliwa hadithi. Mwenzako wa ofisini aliyefumba macho hafai, kwa sababu ameshaijua picha na akili yake inamjazia pasipo yeye kujua. Na usimuulize msikilizaji huyo kama maelezo ni mazuri; kwa adabu atakuambia ni mazuri. Onyesho likiisha, muulize: barua iko wapi sasa? Akijibu mkobani kwa Rehema, peleka karatasi studio. Akisema imeungua, rudi kwenye 12:27.